Dashibodi inasema 2.39, benki inasema kingine: kisa cha muuza mabegi na tageti ya ROAS

Kuna dada mmoja anauza mabegi ya mgongoni na vipochi mtandaoni, usiku mmoja akanitumia skrinishoti mbili. Ya kwanza ni dashibodi ya matangazo, mwezi mzima ametumia 36,000, mauzo yaliyosomeka yametokana na matangazo ni 86,000, ROAS 2.39. Ya pili ni salio la benki, limeshuka. Chini yake kaandika: "Kaka, nani ananiibia?"

Hakuna aliyemwibia. Nimeona niandike kisa chote namba kwa namba, sababu kosa alilofanya ni la watu wengi na tena ni kosa la mtu aliyejitahidi kupiga hesabu, sio la mtu aliyekurupuka. Sitaweka sarafu yoyote, weka ya kwako, uwiano haubadiliki.

Kwa wasioijua, ROAS ni mauzo yaliyoletwa na tangazo gawanya kwa hela uliyolipia tangazo. Ukitumia 100 ukauza 239, ROAS ni 2.39, basi. Haijui bidhaa uliinunua bei gani, haijui ulilipa nani kusafirisha, inajua mauzo na hela ya tangazo tu. Kwa hiyo kabla hujaiambia kampeni nataka ROAS ngapi lazima ujue ya kwako ya ngoma droo ni ipi, yaani ile ambayo ukiipata hujala faida na hujala hasara.

Huyu dada aliipiga kabisa, tatizo aliipiga nusu. Begi anauza 1,000, kwa msambazaji analinunua 450, kipochi anauza 400 na kukinunua 180. Zote mbili faida ghafi ni asilimia 55. Akachukua 1 akagawanya kwa 0.55 akapata 1.82, akasema ngoma droo yangu ni 1.82, akajiongezea kidogo ili na yeye ale, akaweka tageti ya 2. Kampeni ikamletea 2.39 akafurahi, maana kwa hesabu yake faida ghafi ya 86,000 ni 47,300, toa tangazo 36,000, imebaki 11,300 mfukoni. Hiyo 11,300 ndo alikuwa anaitafuta benki.

Nikamwambia tuache dashibodi kwanza, nitajie oda moja ya begi, mteja kalipa, hela imefanya nini kuanzia hapo mpaka begi limemfikia?

Tukaenda nayo taratibu. Mteja kalipa 1,000. Kampuni inayopokea malipo inakata asilimia 3 na juu yake 10 ya kila muamala, kwa hiyo 30 na 10, imeondoka 40. Begi lenyewe 450. Boksi, nailoni ya ndani, gundi na lebo 20, hii alikuwa haihesabu popote maana ananunua maboksi kwa jumla mara moja kwa miezi kadhaa akiona ni "matumizi ya duka". Kusafirisha 90, na kwake delivari ni bure kwa mteja, kwa hiyo ile 90 ni yake yote. Ukitoa vyote hivyo imebaki 400. Sio 550, ni 400. Hiyo 400 ndo hela yote aliyonayo ya kumlipa mwenye jukwaa la matangazo kwa ajili ya oda hii, ikizidi hapo anauza kwa hasara.

```
ROAS ya ngoma droo = thamani ya oda inayoripotiwa / kinachobaki kabla ya tangazo
begi:    1000 / 400 = 2.50
kipochi:  400 / 108 = 3.70
```

Kipochi nimekitangulizia hapo juu, sasa tukiangalie maana ndo kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Faida ghafi ni ile ile asilimia 55, mtu ukitazama kwa asilimia utasema hizi bidhaa ni mapacha. Ila kipochi 400 toa 180 ya kununua, toa 22 ya makato ya malipo (12 ni ile asilimia 3, na 10 haijali umenunua kidogo au kingi), toa boksi 20, toa kusafirisha 70 kwa sababu ni chepesi kidogo ila sio chepesi hivyo, kampuni za mizigo zina bei ya chini ambayo hushuki hapo hata ukituma bahasha. Kinabaki 108. Kwenye begi, kusafirisha, boksi na makato vimekula 150 kwenye 1,000, sawa na asilimia 15. Kwenye kipochi vimekula 112 kwenye 400, asilimia 28. Gharama ambazo hazisinyai bei inaposhuka ndo zinaua oda ndogo, na faida ghafi haiwezi kukuonyesha hilo hata siku moja kwa sababu haizihesabu kabisa.

Sasa rudi kwenye tageti yake ya 2. Ukiiambia mashine ya matangazo tageti ni 2, umeiambia kwa maneno mengine kwamba mauzo yoyote yanayoleta 2 kwa kila 1 niletee, nayakubali. Na ikikuta inakupa zaidi ya ulichoomba, itatanua wigo, itashindania hata nafasi za bei mbaya, maana umeiruhusu. Oda ya begi iliyoingia kwa ROAS ya 2 barabara imelipiwa tangazo la 500, iliyobaki ilikuwa 400, hasara 100. Ya kipochi imelipiwa 200, iliyobaki 108, hasara 92. Na hata kwa ile 2.39 aliyoifurahia, begi limelipiwa tangazo la 418 hivi, bado limempita kwa 18. Mashine haikukosea popote, ilitii alichoiambia.

Basi tukachukua oda zote za mwezi, zilikuwa 100 kamili kwa wale ambao jukwaa linadai limewaleta. 60 zilikuwa za begi peke yake, 30 za kipochi peke yake, 10 mtu kabeba vyote viwili. Hizi za vyote viwili ni tamu: mteja kalipa 1,400, bidhaa 630, kusafirisha 100 tu kwa sababu ni boksi moja, boksi lenyewe kubwa kidogo 25, makato 52 sababu ile 10 imekatwa mara moja, kinabaki 593, ngoma droo yake ni 2.36.

Hapa dada akataka kujumlisha 2.50 na 3.70 na 2.36 agawanye kwa 3 apate wastani. Ukifanya hivyo unapata 2.85 ambayo haina maana yoyote, kwa sababu umeipa oda 10 uzito sawa na oda 60. Unachofanya ni kujumlisha hela, sio kujumlisha ROAS. Kilichobaki kwenye begi ni 60 mara 400, yaani 24,000. Vipochi 30 mara 108, yaani 3,240. Vyote viwili 10 mara 593, yaani 5,930. Jumla 33,170. Mauzo 86,000 gawanya kwa 33,170, unapata 2.59. Hiyo ndo ngoma droo ya kampeni nzima kwa mchanganyiko ule wa oda, mchanganyiko ukibadilika na yenyewe inabadilika, usiiandike ukutani.

Tayari 2.39 iko chini ya 2.59, tungeweza kuishia hapo. Ila nikamuuliza, wangapi walirudisha?

Kimya. Afu akaandika, "nane, lakini hao niliwarudishia hela zao, si tumemalizana."

Hamjamalizana. Oda iliyorudishwa haipotei kwa amani ikakuachia sifuri. Mteja umemrudishia 1,000 yake yote. Ile 40 ya makato kampuni yake ya malipo hairudishi hata ukirudisha hela ya mteja, wapo wengi wanaofanya hivyo, soma masharti ya wa kwako. Kusafirisha kwenda 90 imeshaliwa, kurudi 90 nyingine kwa sababu aliahidi kurudisha ni bure, boksi 20 limechanwa. Kila oda iliyorudi imemwachia shimo la 240. Na mimi hapo juu nilishaihesabu kama imeleta 400, kwa hiyo tofauti ni 640 kwa kila moja. Nane ni 5,120. Kati ya hizo nane mbili zilirudi zipu imekufa, haziuziki tena, ongeza 450 mara mbili. Jumla ya maumivu ya marejesho ni 6,020.

33,170 toa 6,020, imebaki 27,150. Na angalia kitu hapa, upande wa mauzo sibadilishi, naacha 86,000 ile ile. Kwa nini? Kwa sababu piseli, yaani kile kikodi cha jukwaa kinachokaa kwenye duka lako la mtandaoni na kuliripotia mauzo, ilishahesabu zile oda nane siku zinanunuliwa na haikuambiwa baadaye kwamba zimerudi. Dashibodi bado inasema 86,000 na ROAS inayoonekana inapigwa kwa 86,000. Kama namba ninayoilinganisha nayo ina oda hewa ndani yake, basi na ngoma droo yangu lazima nipige kwa thamani ile ile yenye hewa. 86,000 gawanya 27,150 ni 3.17.

Kutoka 1.82 mpaka 3.17. Na kwa hela: 27,150 toa tangazo 36,000 ni hasara 8,850. Yeye alitegemea faida 11,300. Pengo la 20,150 lote lina maelezo, 14,130 ni kusafirisha, maboksi na makato ya malipo, 6,020 ni marejesho. Akanijibu na emoji moja tu.

Kabla sijaenda kwenye tageti niseme kuhusu ile namba ya juu kwenye kugawanya, maana naona hapa ndo hata wenye uzoefu wanateleza. Namba ya juu sio "bei yangu" wala "mauzo kwenye vitabu", ni ile thamani ambayo piseli yako inaituma kwa jukwaa. Mfano hai: tulikubaliana oda za kipochi peke yake mteja achangie 50 ya delivari. Sasa mteja analipa 450, makato yanapanda kidogo yanakuwa 23.5, kinachobaki kinatoka 108 mpaka 156.5. Ngoma droo ni ngapi? Kama piseli inatuma thamani ya bidhaa tu, ni 400 gawanya 156.5, 2.56. Kama inatuma jumla aliyolipa mteja pamoja na delivari, ni 450 gawanya 156.5, 2.88. Oda ni ile ile, hela mfukoni ni ile ile, namba mbili tofauti na zote ni sahihi, ila ukichukua ya kwanza ukailinganisha na dashibodi inayohesabu kwa njia ya pili umejidanganya. Kujua ni rahisi, chukua oda tano za jana ulizozijua, fungua ukurasa wa majaribio wa piseli au ripoti ya thamani, uone imetuma ngapi kwa kila moja. Ya kwake ilikuwa inatuma bidhaa tu. Ningeogopa zaidi kama ingekuwa inatuma bei ya kabla ya punguzo la kuponi, maana hiyo nimeshaiona.

Kodi ya mauzo ni mtego wa aina hiyo hiyo. Huyu dada hakuwa anakusanya kodi hiyo kwa hiyo haimo kwenye hesabu zangu, ila kama ile 1,000 ya begi ingekuwa na kodi ya asilimia 15 ndani yake, basi 130 sio yake, anaishika tu. Kinachobaki kingeshuka kutoka 400 mpaka 270 na ngoma droo ingeruka kutoka 2.50 mpaka 3.70, kama piseli inatuma 1,000 nzima. (Kama kodi uliyolipa kwa msambazaji unarudishiwa, basi na ile 450 iandike bila kodi, usije ukajikata mara mbili.)

Haya, tageti. Wengi wakishapata 3.17 wanaandika 3.17. Hiyo ni kuiambia mashine fanya kazi bure. Dada akasema anataka abakiwe na asilimia 5 ya mauzo baada ya tangazo, ya kulipia pango la stoo na yeye mwenyewe, maana hivyo havimo kokote kwenye hesabu ya oda. Akachukua 3.17 akazidisha kwa 1.05, 3.33. Inaonekana sawa ila sio sawa. Kwenye 3.33 tangazo linakula asilimia 30 ya mauzo, na kinachobaki kabla ya tangazo ni asilimia 31.6, kwa hiyo anabakiwa na asilimia moja na nusu, sio 5. Unatakiwa utoe kwanza ndo ugawanye:

```
tageti = 1 / (sehemu inayobaki - faida unayotaka)
1 / (0.316 - 0.05) = 3.76
```

3.76, yaani 376% ukiwa Google Ads maana kile kisanduku cha Target ROAS kinasoma kwa asilimia, wakati Meta wao wanaandika kama namba ya kawaida 3.76. Usicheke, kuna mtu aliandika 3.76 kwenye kisanduku cha asilimia, mashine ikaelewa yuko radhi kutumia 100 kuuza 3.76, aliamka bajeti yote imeisha.

Ila sasa kampeni yake ilikuwa inaleta 2.39. Ukiiamrisha ghafla ilete 3.76 haitajitahidi zaidi, itanyamaza. Itaacha kushindania nafasi nyingi, matangazo yataonekana kwa watu wachache, oda zitakauka, na wewe utasema "hii ROAS haifanyi kazi" ukarudi kwenye 2. Kwa hiyo nikamwambia tageti isubiri, kwanza tupunguze ile ngoma droo yenyewe, maana 3.17 imetengenezwa na vitu tunavyoviona kabisa.

Tukaanza na marejesho kwa sababu ndo yaliyokuwa na hela nyingi kwa kazi ndogo. Nilitegemea vipochi ndo wabaya wa hadithi hii, kumbe ukiwabebesha mabegi marejesho yao, maana zote nane zilikuwa za begi peke yake, kinachobaki kwenye mabegi ni 17,980 kwenye mauzo 60,000, ngoma droo 3.34. Begi limeshasogea karibu na kipochi! Tukasoma ujumbe za wale wanane. Watano wameandika kitu kimoja kwa maneno tofauti, kompyuta yangu haiingii. Nikafungua ukurasa wa bidhaa, picha nzuri, mwanga mzuri, vipimo hamna. Akachukua rula akapima mfuko wa ndani, akaandika sentimita na ukubwa wa kompyuta unaoingia, akapiga picha moja kompyuta ikiwa ndani ya begi. Robo saa.

Cha pili ni ile 50 ya delivari kwa kipochi peke yake, na oda kuanzia 1,000 iendelee kuwa bure. Alikuwa anaiogopa hii, na ni kweli baadhi ya wanunuzi wa kipochi wanaondoka wakiona delivari, ila mtu ambaye alikuwa anakupotezea hela kila akinunua akiondoka unamfungulia mlango. Na wengine badala ya kuondoka wanaongeza begi ili wapate bure.

Akajitetea kidogo pia na lile neno ambalo nalisikia kila mara, "lakini wateja watarudi kununua tena, hasara ya sasa ni mtaji." Inawezekana, ila nikamwomba anionyeshe kwenye orodha yake, watu walionunua mwaka uliopita ni wangapi wamerudi na walinunua nini. Alikuwa hajawahi kuangalia. Begi la mgongoni mtu ananunua anakaa nalo miaka. Mpaka uwe na hiyo orodha, oda ya kwanza ijilipe yenyewe.

Tukapiga upya kwa matumaini ya wastani: marejesho yakishuka kutoka 8 mpaka 3 na hakuna lililoharibika, kwa mchanganyiko ule ule wa oda, kinachobaki ni 33,170 toa 1,920, sawa na 31,250, ngoma droo 2.75. Kwa faida ya asilimia 5 tageti inakuwa 3.19, tuseme 320%. Hii inafikika. Tukaanzia karibu na alipo, sio karibu na anapotaka kufika: 260% wiki mbili, 290% wiki mbili, afu 320%. Wiki mbili sio uchawi, ni kwamba wateja wake wengi walikuwa wanabofya leo wananunua baada ya siku tatu nne, ukisoma matokeo keshokutwa yake unasoma oda ambazo hazijafika.

Mwezi kamili uliofuata baada ya hatua ya mwisho nikamwambia asinitumie kitu mpaka muda wa kurudisha mizigo uishe, kwake ni siku 21, la sivyo tunafurahia oda ambazo bado ziko njiani kurudi. Akasubiri, kwa tabu lakini akasubiri.

Oda 70. Begi peke yake 42, kipochi peke yake 10, vyote viwili 18. Mauzo kwa piseli 71,200. Kilichobaki ni 16,800 za mabegi, 1,565 za vipochi, 10,674 za wale wa vyote viwili, jumla 29,039. Marejesho matatu, yote yanauzika, toa 1,920, imebaki 27,119. Tangazo 23,000. ROAS 3.10, haikugusa ile 3.2 tuliyoiomba, tageti ni ombi sio mkataba. Ngoma droo ya mwezi huo ni 71,200 gawanya 27,119, 2.63. Faida 4,119, asilimia 5.8 ya mauzo.

Weka hii miezi miwili pamoja uone. Mwezi wa hasara, kabla ya kulipia tangazo alikuwa amebakiwa na 27,150. Mwezi wa faida, 27,119. Ni kama hela ile ile! Kapaki oda 30 pungufu, mauzo yameshuka kwa 14,800, na kabla ya tangazo hajapoteza kitu. Tofauti yote iko kwenye tangazo, 36,000 dhidi ya 23,000.

Hapo ndo akaniambia sasa 3.10 iko juu ya 2.63, si niongeze bajeti mpaka ishuke karibu na 2.63? Swali zuri, ila 3.10 ni wastani wa hela yote. Ndani yake kuna hela ya kwanza iliyoleta watu waliokuwa wanakutafuta kwa jina, hiyo ina ROAS ya kutisha, na kuna hela ya mwisho iliyokokota mtu ambaye hata begi halihitaji. Chukua ile 13,000 tuliyoiacha: ilikuwa inanunua mauzo 14,800 zaidi, yaani ROAS ya 1.14. Hesabu hiyo ni ya jicho tu, maana tulibadilisha na vitu vingine mwezi huo, delivari na ukurasa, siwezi kuitenga peke yake. Lakini inakuonyesha kwamba wastani ulikuwa 2.39 wakati hela ya mwisho ilikuwa inakufa.

Kwa hiyo tukakubaliana anaongeza 3,000 tu, kutoka 23,000 mpaka 26,000, bila kugusa kitu kingine chochote mwezi huo, na tageti anaishusha kidogo tu, 305%, ili hiyo hela iweze kutumika. Akimaliza asiangalie ROAS ya kampeni nzima, aangalie mauzo yameongezeka kiasi gani juu ya 71,200. Ili ile 3,000 ijilipe lazima ilete angalau 3,000 mara 2.63, sawa na 7,890. Ikileta 5,000, dashibodi bado itaonyesha 2.93 nzuri kabisa ya kijani, na ile 3,000 itakuwa imeondoka na 1,100 yake ya faida. Amefungua eksel, kaiandika 79,090 kwenye seli moja kaipaka rangi ya njano, anasubiri siku 21 ziishe.